Asilimia 10 kwa mwezi ni ngapi kwa mwaka? Tupige hesabu pamoja

Karibu. Chukua simu yako, fungua kikokotoo, tena uwe na kalamu karibu, kwa sababu leo tunapiga hesabu moja mpaka mwisho. Mkopeshaji amekuambia, "Riba yangu ni asilimia 10 tu kwa mwezi." Ukienda benki, wao wanakutajia riba kwa mwaka. Tarakimu hizi mbili huwezi kuziweka kwenye mizani moja mpaka uzigeuze ziwe za kipindi kimoja, na hicho ndicho tunachofanya hapa.

Mkopo wetu wa mfano ni laki moja, yaani 100,000. Sijataja fedha ya nchi gani, maana hesabu ni ileile popote ulipo.

Njia ya kwanza ni kuzidisha. Andika 10 mara 12, upate 120. Hiyo ni asilimia 120 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba kama kila mwisho wa mwezi unampelekea mkopeshaji riba yake ya 10,000 bila kugusa deni lenyewe, baada ya mwaka umeshamlipa 120,000 na bado unadaiwa laki moja ile ile. Wengi wanaolipa hivi husema wanapunguza deni. Hawapunguzi chochote, wanalipia ruhusa ya kuendelea kudaiwa.

Lakini je, ukishindwa kulipa riba hiyo ya mwezi? Hapo wakopeshaji wengi huiongeza kwenye deni, na mwezi unaofuata riba inatozwa juu ya jumla mpya. Mwezi wa kwanza deni linakuwa 110,000. Mwezi wa pili riba si 10,000 tena, ni 11,000, na deni linafika 121,000. Sasa kuzidisha kwa 12 hakutoshi. Tunahitaji kuzidisha deni kwa 1.1 mara kumi na mbili mfululizo.

Kama kikokotoo chako kina kitufe cha ^, au kile chenye x na y ndogo juu yake, andika hivi:

```
1.1^12
```

Kwenye simu nyingi kitufe hicho hujitokeza ukilaza simu. Kama huna, usihangaike, kuna njia ya mkato. Piga 1.1 mara 1.1, upate 1.21. Hiyo ni miezi miwili. Piga 1.21 mara 1.21, upate 1.4641, nayo ni miezi minne. Mwaka una miezi minne mara tatu, kwa hiyo piga 1.4641 mara 1.4641 mara 1.4641. Jibu ni 3.138, na tarakimu nyingine zinafuata. Riba ikiwa asilimia 15 anza na 1.15, ikiwa 20 anza na 1.2, hatua ni zilezile.

Sasa tulisome jibu. 3.138 maana yake laki moja imekuwa takribani 313,800. Ondoa 1, ambayo ni mkopo wenyewe, inabaki 2.138. Riba ya mwaka ni karibu asilimia 214. Kuna wanaosahau kuondoa hiyo 1 wakasema ni asilimia 314. Wanamwonea mkopeshaji.

Basi tushike 120 au 214? Inategemea unalinganisha na nini. Benki nyingi hutaja riba ya mwaka ambayo ni riba ya mwezi iliyozidishwa kwa 12. Ukilinganisha na hiyo, tumia 120. Ukitaka kujua deni litafika wapi usipolipa kitu, tumia 214. Kosa ni kuchukua ya mkopeshaji iliyopigwa kwa njia moja ukaishindanisha na ya benki iliyopigwa kwa njia nyingine.

Mpaka hapa ni rahisi. Sasa tuje kwenye mkopo wa marejesho, kwa sababu hapa ndipo asilimia iliyotajwa inapodanganya zaidi. Mkopeshaji anasema: laki moja, asilimia 10 kwa mwezi, utarudisha kidogo kidogo kwa miezi 12. Anapiga 10,000 mara 12, anapata riba ya 120,000. Anaongeza laki moja, inakuwa 220,000. Anagawa kwa 12, na rejesho la kila mwezi ni 18,333.

Tazama ndani ya rejesho hilo. 8,333 inapunguza deni, 10,000 ni riba. Mwezi wa kwanza ni sawa, kwa sababu laki nzima iko mikononi mwako. Lakini nenda mwezi wa kumi na mbili. Deni lililobaki ni 8,333 tu, na riba unayotozwa mwezi huo bado ni 10,000. Riba imezidi deni lenyewe! Unalipia fedha ambazo ulisharudisha zamani.

Kwa hiyo kiwango halisi kimepita asilimia 10 kwa mwezi. Kukipata kwa kalamu ni kazi ya kukisia na kujaribu tena na tena. Fungua Excel au Google Sheets, na kwenye chumba chochote kitupu andika:

```
=RATE(12,-18333,100000)
```

12 ni idadi ya marejesho. 18,333 ni rejesho moja, na alama ya kutoa iliyo mbele yake ni lazima, kwa sababu fedha hizo zinakutoka. Ukiisahau, kompyuta inakurudishia neno la kosa. 100,000 ni ulichopokea. Jibu ni karibu asilimia 14.85 kwa mwezi. Likitokea kama 15% ni kwamba limekadiriwa, ongeza nafasi za desimali. Zidisha kwa 12, unapata karibu asilimia 178 kwa mwaka. Mkopeshaji alisema 10 kwa mwezi, wewe ukadhani 120, kumbe ni 178.

Bado kuna jambo moja. Siku ya kuchukua mkopo anakata 10,000, anaiita ada ya fomu. Umesaini laki moja, umeondoka na 90,000. Kwenye kanuni tunaweka kilichoingia mfukoni, si kilichoandikwa kwenye karatasi:

```
=RATE(12,-18333,90000)
```

Sasa ni asilimia 17.4 kwa mwezi, karibu 209 kwa mwaka. Ada ya mara moja imeongeza takribani asilimia 31 juu ya zile 178, na hakuna aliyeitaja kama riba.

Umeona kwamba kwenye hesabu hizi mbili za mwisho hatukuitumia kabisa ile asilimia 10? Hatukuihitaji. Muulize mkopeshaji mambo matatu tu: nitaondoka na kiasi gani mkononi, kila rejesho ni kiasi gani, na marejesho ni mangapi. Akikupa hayo, asilimia utaipata mwenyewe, hata kama yeye anakwepa kuitaja.

Na kama marejesho ni ya kila wiki, weka idadi ya wiki mahali pa 12, kisha jibu ulizidishe kwa 52 badala ya 12. Angalia pia "mwezi" wake una siku ngapi. Anayehesabu wiki nne kuwa mwezi ana miezi 13 kwa mwaka, na huyo asilimia 10 yake ni 130, si 120.