Usiangalie jumla ya chini: kuisoma taarifa ya michango ya NSSF

Ndugu zangu, kila mtu hapa amekuja na karatasi yake kama tulivyoomba, wengine wameifungua kwenye simu. Vizuri. Sasa nina ombi moja kabla hatujaanza: wekeni kidole juu ya ile namba ya mwisho kabisa, ile jumla ya michango. Ifunikeni. Najua ndiyo namba pekee mliyoiangalia tangu mlipopewa taarifa hiyo, na wengine mmeshaipigia hesabu ya bati na nondo. Ifunikeni hivyo hivyo, kwa sababu pensheni yako haikokotolewi kwa namba hiyo.

Hili nimelisema katika kumbi nyingi na nitaendelea kulisema. Mwanachama anaona milioni 38 chini ya karatasi, anastaafu, anapewa mkupuo wa milioni 31 na kitu, anakwenda kaunta kupiga kelele kwamba ameibiwa milioni saba. Hajaibiwa. Ila huenda ameibiwa kweli mahali pengine, kwenye mistari ya juu ambayo hakuisoma, na huko hakuna aliyepiga kelele.

Pensheni ya uzee ya NSSF inatoka kwenye vitu viwili tu: umechangia miezi mingapi, na mshahara wako ulikuwa kiasi gani katika miaka mitatu minono zaidi ndani ya miaka kumi ya mwisho kabla ya kustaafu. Basi. Kanuni ni hii, na msiogope, ni hesabu ya darasa la saba. Unachukua wastani wa mshahara wa mwaka wa ile miaka mitatu, unagawa kwa 580, unazidisha kwa idadi ya miezi uliyochangia. Unachopata ni pensheni kamili ya mwaka mmoja. Halafu inakatwa vipande viwili. Asilimia 35 inazidishwa mara 12.5 na kulipwa kwa mkupuo, asilimia 65 inagawanywa kwa 12 na kulipwa kila mwezi hadi mwisho wa maisha.

Hiyo 35 ndiyo kikokotoo mnachokisikia redioni. Upande wa NSSF ilikuwa 25, ikawa 33 Julai 2022, na bajeti ya 2024 ikaipandisha hadi 35. Wale wa utumishi wa umma waliokuwa wakipata 50 walishushwa hadi 33, kisha wakarudishiwa hadi 40. Kwa hiyo jirani yako mwalimu akikwambia amepata 40, usiende kudai 40 yake. Na hatutajadili siasa ya kikokotoo leo, maana tukianza hatutoki humu.

Tuchukue mfanyakazi mmoja wa kiwandani, ana umri wa miaka 60, ana miezi 240, yaani miaka ishirini kamili. Miaka yake mitatu minono, mshahara ghafi ulikuwa 1,450,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 17,400,000. Gawa kwa 580, unapata 30,000. Zidisha kwa miezi 240, unapata 7,200,000. Hiyo ndiyo pensheni yake kamili ya mwaka.

Mkupuo: asilimia 35 ya 7,200,000 ni 2,520,000, mara 12.5 ni 31,500,000. Ya kila mwezi: asilimia 65 ni 4,680,000, gawa kwa 12, ni 390,000.

Sasa ondoeni kidole. Tuseme jumla yake ya chini inasoma 38,400,000. Mkupuo ni 31,500,000. Pungufu ni 6,900,000, na hapo ndipo watu wanapoanza kuvua miwani. Lakini kwa 390,000 kila mwezi, hiyo 6,900,000 inakuwa imerudi kabla ya mwezi wa kumi na nane kwisha. Baada ya hapo anaendelea kulipwa. Najua kuna mtu anasema moyoni, "Sawa, lakini ile ni hela yangu, wangenipa yote nikafuge kuku." Inawezekana ungefuga vizuri. Ila mfuko huu haukuundwa kama kibubu. Wawili waliochangia miezi ile ile, wenye mshahara ule ule katika miaka yao mitatu minono, wanapata pensheni ile ile, hata kama jumla zao za chini zinatofautiana kwa sababu mmoja alianza na mshahara mdogo ukapanda mwishoni.

Na lipo jambo la pili ambalo hesabu hii inalifichua, nalo ni chungu kidogo. Huyu mtu alizoea 1,450,000. Sasa anapata 390,000. Hiyo ni kama asilimia 27 ya mshahara wake. Mpango wa kodi ya nyumba na ada ya mjukuu ufanyike kwa namba hiyo, siyo kwa mkupuo.

Haya, turudi kwenye mistari. Hapa ndipo nataka tukae.

Chukua mstari wa mwezi mmoja, mwezi wowote wa karibuni. Kuna mwezi wa mchango na kuna kiasi. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara ghafi, na mwajiri haruhusiwi kukukata wewe zaidi ya asilimia 10. Kwa hiyo kipimo ni chepesi mno: chukua kiasi cha mwezi, zidisha kwa tano. Jibu lazima liwe mshahara wako ghafi. Siyo wa mkononi, siyo wa msingi. Ghafi.

Yule wa kiwandani, mchango wake unatakiwa usome 290,000. Mara tano, 1,450,000. Safi. Lakini tuseme unasoma 232,000. Mara tano ni 1,160,000. Hiyo 1,160,000 inatoka wapi? Fungua salari slipu, utaikuta pale juu: mshahara wa msingi. Mwajiri ameacha posho ya nyumba na ya usafiri nje ya hesabu. Na ninyi mnajua kinachotokea kazini: hakuna anayelalamika, kwa sababu makato yameshuka kutoka 145,000 hadi 116,000 na mkononi pameongezeka hela ya mboga. Mwajiri naye kaokoa 29,000 yake. Kila mtu anatabasamu hadi miaka 60.

Tukokotoe tabasamu hilo. 1,160,000 mara 12 ni 13,920,000. Gawa kwa 580 ni 24,000. Mara 240 ni 5,760,000. Mkupuo unakuwa 25,200,000 badala ya 31,500,000. Ya mwezi inakuwa 312,000 badala ya 390,000. Milioni sita na laki tatu zimekwenda, na 78,000 kila mwezi maisha yote. Na jumla ya chini ya karatasi isingekuonyesha hilo hata kidogo, ingeendelea kuonekana nono tu.

Mtu atasema, "Mimi niliyebakiza miaka 25 kazini hainihusu, si wanaangalia miaka kumi ya mwisho?" Ni kweli kwa upande wa mshahara. Lakini tabia ya mwajiri kulipa kwa mshahara wa msingi haijirekebishi yenyewe ukifika 50. Na ukiumwa ukashindwa kazi, au ukafariki, miaka ya mwisho ni hii uliyo nayo sasa.

Kisha hesabu miezi. Hesabu kwa kidole, mwezi baada ya mwezi, usiridhike na namba iliyoandikwa. Tafuta mapengo. Kwa yule wa kiwandani kila mwezi mmoja uliopotea unamnyima 30,000 kwenye pensheni kamili ya mwaka, yaani 131,250 kwenye mkupuo na 1,625 kila mwezi. Inaonekana ndogo. Miezi 14 ikikosekana, ya mwezi inashuka hadi 367,250 na mkupuo unapungua kwa zaidi ya milioni moja na laki nane.

Pengo lina sababu tatu kubwa, na dawa zake hazifanani. Ya kwanza, mwajiri alikukata na hakupeleka. Hapo salari slipu ndiyo ushahidi wako, inaonyesha makato ya mwezi huo kwa jina lako. Usitupe salari slipu, na kama zinakuja kwa barua pepe ya kazini, zihamishe kwako kabla hujaondoka, kwa sababu siku ukiondoka na barua pepe inafungwa. Ya pili, hela imefika lakini imekwama: mwajiri amelipa kwa mkupuo wa watu wote, na kwenye orodha aliyoambatanisha namba yako ya uanachama imekosewa tarakimu moja. Dalili yake ni kwamba wenzako wa ofisi moja wana mwezi huo na wewe huna. Linganisheni taarifa zenu, dakika tano zinatosha. Ya tatu, una namba mbili za uanachama, moja ya kazi ya zamani na moja ya kazi mpya. Dalili yake ni kwamba taarifa inaanza siku uliyoajiriwa kazi ya pili, kana kwamba kabla ya hapo hukuwahi kufanya kazi. Hiyo inatatuliwa kwa kuziunganisha, nenda na kitambulisho cha NIDA na namba zote mbili.

Na kuna miezi ambayo si ya kuwekea mzaha hata kidogo: miezi 180. Chini ya hapo hupati pensheni ya kila mwezi. Unapewa malipo ya mara moja na hadithi inaishia hapo. Mtu mwenye 177 na mwenye 180 wametofautiana miezi mitatu tu kwenye karatasi, ila mmoja atalipwa hadi mwisho na mwingine hatalipwa tena. Kwa hiyo mwenye 177 anayestaafu mwezi ujao, aanze kusaka mapengo leo, na kama aliwahi kuchangia mfuko mwingine, aulize kuhusu kujumlisha vipindi vile kabla hajasaini chochote.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Nilitaka kugusa mafao ya wategemezi, sitafika. Kwa waliopoteza ajira kwa haraka tu: fao lake ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, unatakiwa uwe umechangia angalau miezi 18, na halimhusu aliyeacha kazi mwenyewe. Pale nako mshahara unaotumika ni ule uliopelekwa NSSF, ile ya mara tano inarudi tena.

Mama pale mbele umenyoosha mkono tangu nilipotaja 232,000. Leta karatasi yako hapa, na salari slipu ya mwezi huo huo.