Mti wa pointa bado unakrashi? Mwandikie mhadhiri hivi

Karibuni tena, leo narekodi nikiwa Nyegezi hapa Mwanza. Tunaandika imeili ya kuomba kuongezewa muda, kwa asaimenti ya mti wa pointa ambayo bado inakrashi. Habari za umeme kukatika ziacheni, ameshazisikia sana. Atakachotaka kujua ni programu inafia wapi.

Kwa hiyo tunaanzia kwenye teminali. Punguza data mpaka ibaki ile ndogo kabisa ambayo bado inaangusha programu. Yetu ni hii: ingiza 50, 30 na 70, futa 50, kisha chapisha mti. Halafu iendeshe ndani ya Valgrind, programu inayokagua matumizi ya kumbukumbu. Andika:

```
gcc -g mti.c -o mti
valgrind ./mti
```

Ukisahau `-g` hutaona namba za mistari. Tazama skrini, kuna sehemu mbili za kusoma:

```
Invalid read of size 8
... 8 bytes inside a block of size 24 free'd
```

Yaani tunasoma nodi iliyokwisha kuachiliwa. Tulipofuta 50 tulinakili 70 kwenye mzizi, tukaiachilia nodi ya zamani ya 70 kwa `free`, lakini pointa ya kulia ya mzizi ikabaki inaelekea kulekule. Ni kama kubisha hodi kwenye chumba ambacho mpangaji keshahama: leo utakuta vyombo vyake bado vimo, kesho kaingia mwingine. Ndiyo maana programu hiyohiyo mara inapita, mara inakufa.

Sasa fungua imeili. Kichwa: "Asaimenti ya 2: ombi la kuongezewa siku 2". Ndani andika hivi:

"Shikamoo Dokta. Naomba kukusanya asaimenti ya 2 Ijumaa saa 4 asubuhi badala ya kesho, Jumatano. Kuingiza na kutafuta kunafanya kazi, pia kufuta nodi isiyo na mtoto au yenye mtoto mmoja. Kufuta nodi yenye watoto wawili kunaangusha programu: nikiingiza 50, 30, 70 na kufuta 50, chapisha inasoma nodi iliyokwisha kuachiliwa. Kwenye kompyuta yako huenda isianguke kila mara, hivyo nimeambatisha mti.c pamoja na matokeo ya Valgrind. Nitaandika upya sehemu hiyo, kisha niijaribu pia pale nodi mbadala inapokuwa chini zaidi kwenye mti."

Malizia kwa jina na namba ya usajili. Ile sentensi ya "huenda isianguke" msiifute, kwa sababu akiijaribu kwake ikapita ataona mnamzungusha.

Tuma mchana, si saa 5 usiku. Asipojibu mpaka muda unakaribia kuisha, pakia ulichonacho, ila kwanza badilisha ule ufutaji wa watoto wawili utoe ujumbe "haijakamilika" na kurudi bila kugusa mti. Hapo msahihishaji ataweza kuzijaribu zile sehemu nyingine hadi mwisho.