Andika kilo kwenye kichwa cha kolone

Wandugu waandishi wa hesabu wa makoperative ya kahawa, asanteni kwa kufika hapa Bukavu. Tuangalie ukurasa mmoja wa mapokezi ya kahawa kutoka kwa wakulima watano. Katika kolone B imeandikwa hivi: «48 kg», «52,5 kg», «31.5kg», «900 g» na «0,2 t». Mtu akisoma anaelewa yote. Lakini mkiomba Excel ijumlishe kwa SOMME, inajibu 0, kwa sababu kwake kila kisanduku hapo ni maneno. Dalili mnaiona hata kabla ya kujumlisha: maneno yanaegemea kushoto, namba zinaegemea kulia.

Wengi wanakimbilia kufuta kg, g na t zote kwa mara moja. Naomba msifanye hivyo kabisa. Zikifutwa, na nukta ikigeuzwa koma, jumla inatoka 1032,2, na hakuna alama yoyote ya kosa. Uzito wa kweli ni kilo 332,9. Gramu 900 zimegeuka kilo 900, na tani 0,2, ambayo ni kilo 200, imekuwa kama gramu 200. Mkulima mmoja atalipwa asichostahili, mwingine ataibiwa jasho lake.

Kwa hiyo kolone B tunaiacha ilivyo. Kolone C tunaipa kichwa «Uzito (kg)», halafu katika C2, kwa Excel ya Kifaransa, tunaandika:

```
=CNUM(SUBSTITUE(SUBSTITUE(B2;"kg";"");".";","))
```

Inaondoa «kg», inageuza nukta kuwa koma, kisha inafanya namba. Mistari mitatu ya kwanza inatoa 48, 52,5 na 31,5. Miwili ya mwisho inatoa #VALEUR!, na hiyo ndiyo faida yake: fomula inakataa kipimo isichokijua, badala ya kukipitisha kimyakimya. Hapo mnaandika wenyewe 0,9 na 200. Hata aliyeandika «Kg» kwa herufi kubwa atakataliwa. Mtamwona na kumsahihisha.

Kuna kitu kimoja fomula haiwezi kukiona. «1.250 kg» itasomwa kuwa kilo moja na robo, ingawa aliyeandika huenda alitaka kusema elfu moja mia mbili hamsini. Kila penye nukta na tarakimu tatu nyuma yake, fungueni daftari la mizani.

Mkitaka bado kuona kg kando ya namba, tumieni format ya kisanduku:

```
0,0" kg"
```

Hiyo inabadilisha sura tu. Ndani inabaki namba tupu, na SOMME inafanya kazi.

Na palipoandikwa «gunia 2»? Magunia hayalingani uzito. Msikisie. Acheni kisanduku cha C kitupu, wekeni «gunia 2» katika kolone ya maelezo, mpaka mzigo upandishwe kwenye mizani.