Barua Ninayojitumia Kila Jumapili

Ndugu zangu wa Kigoma, wakubwa shikamooni. Wengi mmeniuliza ni barua gani ninayoisoma kila Jumapili jioni, na leo nitaieleza, kwa kuwa wapo wadogo zangu wanaojiandaa kuja kusoma huku Ujerumani.

Barua hiyo naiandika mwenyewe na kujitumia mwenyewe. Kwenye Gmail naweka anwani yangu, nabonyeza kishale kilicho kando ya Send, nachagua Schedule send, kisha naweka Jumapili saa moja jioni. Saa hiyo simu ya nyumbani imekwisha, chumba kimekuwa kimya, na ndipo wazo la kufunga virago hunijia. Huduma hiyo haijirudii yenyewe, kwa hiyo mwanzoni mwa kila mwezi naandika barua za Jumapili zote kwa mkupuo, asubuhi, nikiwa nimetulia.

Barua zangu za kwanza hazikunisaidia. Niliandika, "Kumbuka ulikotoka, usituangushe," nikayarudia maneno hayo hayo kila wiki. Kufikia wiki ya nne nilikuwa naifuta barua kabla sijaifungua, na siku nilizoifungua ilinisuta tu, nikalala na uchungu zaidi ya ule niliokuwa nao. Hapo nilitambua kwamba nilikuwa nimeandika amri, ilhali sababu yenyewe ya kuondoka sikuwa nimeiandika.

Sababu yangu ni dagaa wa mama. Msimu mmoja wa masika, pale Kibirizi, mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, dagaa aliowaanika mchangani wakalainika, wakatoa harufu, wakaingia funza, naye akawafukia huku mkopo wa kikundi ukimsubiri. Ndiyo maana nasomea uhifadhi wa vyakula. Sasa kila barua inaanza na kipande kimoja tu cha siku ile: wiki hii ndoo ya dagaa, wiki ijayo mikono yake ikinuka samaki. Kisha inaniuliza swali moja: "Wiki hii umejifunza nini ambacho mama anaweza kukitumia?" Ni lazima nilijibu kwa maandishi, hata kwa sentensi moja. Nikikosa jibu wiki moja siogopi, kwa sababu ipo mitihani. Nikikosa wiki tatu mfululizo, namtafuta mwalimu wangu tuzungumze juu ya masomo ninayoyachagua.

Jumapili iliyopita nilijibu kwamba hewa inayomzunguka samaki ikishiba unyevu, jua peke yake halimkaushi. Inabidi upepo upite juu na chini yake, na ndiyo faida ya chanja cha wavu kilichoinuliwa kutoka ardhini. Nilipompigia mama kumsomea jibu hilo, alinyamaza kidogo, kisha akasema chanja chake kipya amekiegemeza ukutani, upande usiopata upepo wa ziwa. Jumatatu asubuhi walikihamisha.