Ukiipenda Nairobi Half Life, Utazame Nini Baadaye?

NEEMA: Karibuni tena, wapenzi wa filamu. Leo tunashika swali ambalo kaka Salim amekuwa nalo tangu alipoitazama Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ile ya mwaka 2012: apate wapi nyingine kama ile?

SALIM: Kila ninayemuuliza ananijibu vilevile: “Unapenda filamu za magenge, tazama City of God, tazama Tsotsi.” Nimezitazama zote mbili na ni filamu nzuri sana. Ila kile ninachokitafuta sikukiona.

NEEMA: Kwa sababu wamekupa mada. Ukisema “genge, jiji, umaskini”, umeeleza filamu inahusu nini, lakini hujasema ilikufanyia nini wewe. Na kwa ambao hawajaiona, leo tutasimulia mengi, kwa hiyo itazameni kwanza kisha mrudi. Kaka, bila kuirudia filamu, ni vipande gani vimekubaki kichwani?

SALIM: Cha kwanza ni cha mahabusu. Mwas ametoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji, ameporwa siku ileile aliyofika Nairobi, kisha anajikuta selo. Wababe wa mle ndani wanamwamrisha asafishe choo kichafu kupindukia. Hapo ndipo anapokutana na Oti, kiongozi wa genge ambalo baadaye Mwas anajiunga nalo. Cha pili ni mazoezi ya tamthilia, kijana yuleyule wa mtaani amesimama mbele ya watu waliosoma, wanaojuana. Cha tatu ni mwisho, anapopanda jukwaani muda mfupi tu baada ya wenzake kuuawa.

NEEMA: Hujataja wizi wa magari hata mara moja.

SALIM: Kweli, na ndio kazi ya genge lile! Wanaanza na vipuri, baadaye magari mazima.

NEEMA: Sasa tufanye zoezi la kuondoa. Toa genge kabisa, mfanye Mwas awe kuli sokoni mchana na mwigizaji jioni. Bado unaipenda?

SALIM: Naipenda, ila imepoa. Inakuwa hadithi ya kijana mwenye kipaji anayejitafutia riziki.

NEEMA: Rudisha genge, toa jukwaa.

SALIM: Hapo imekufa. Inabaki filamu ya wahuni.

NEEMA: Kwa hiyo si genge peke yake wala si jukwaa peke yake. Tazama vipande vyako vitatu. Selo, mazoezi, usiku wa onyesho. Mwas yuko katika hali gani katika vyote vitatu?

SALIM: Anatazamwa. Kuna watu mbele yake wanaompima, na akishindwa kuwaridhisha amekwisha.

NEEMA: Na hali hiyo inaanza mapema, kule kijijini, anapouza DVD za mapigano huku akiigiza vipande vyake mbele ya wateja. Ile kazi ndogo ndiyo filamu nzima. Mtu anaigiza ili aishi, na kila siku dau linapanda. Kwanza ni hela ya DVD, halafu usalama wake selo, halafu nafasi kwenye tamthilia, mwisho uhai.

SALIM: Sasa ndio naelewa kwa nini City of God ilinipita pembeni. Maana na yule kijana wa Rio, Buscapé, ana sanaa yake. Anataka kuwa mpiga picha.

NEEMA: Huo ndio mfanano unaowadanganya watu. Ukiziandika kwenye karatasi ni pacha: kijana, mtaa wa hatari, sanaa kama mlango wa kutokea. Lakini angalia Buscapé amesimama wapi. Yuko ukingoni mwa genge, anasimulia ya wengine, na kamera yake inamfanya awe mtazamaji. Mwas yeye yuko katikati, ndiye anayetazamwa. Nafasi hiyo ikibadilika, hofu unayoihisi nayo inabadilika. Tsotsi je, ilikufanyia nini?

SALIM: Iliniliza. Jambazi ameiba gari, akakuta kichanga kiti cha nyuma. Lakini pale ni dhamiri inayoamka, mtu na nafsi yake.

NEEMA: Sawa. Sasa tutafute filamu kwa sentensi mpya: mtu anaigiza mbele ya watu wa hatari, anaishi maisha mawili, na katika yale ya hatari anapata rafiki wa kweli. Hilo la rafiki nimeliongeza mimi, kwa sababu ulipotaja selo hukuishia kwenye choo, ulimtaja Oti.

SALIM: Oti nisingemwacha. Ndiye anayempokea Mwas asiye na mtu mjini.

NEEMA: Basi mimi ningekupa Donnie Brasco, ya mwaka 1997, ya Mike Newell.

SALIM: Ya mafia wa New York? Dada Neema, umeniruka mbali!

NEEMA: Nimeruka mada tu. Johnny Depp ni askari wa FBI aliyejipenyeza kwenye mafia kwa jina la uongo. Al Pacino ni Lefty, mhuni mzee asiyepandishwa cheo, ndiye anayemdhamini kijana mbele ya wakubwa. Kijana akigundulika, Lefty naye hana pa kuponea. Kuna kipande cha mkahawa wa Kijapani. Wateja wanatakiwa wavue viatu, na Donnie ameficha kinasa sauti kwenye buti. Wenzake wote wanamwangalia. Anatunga uongo papo hapo kuhusu baba yake na vita, genge linamwamini, na mfanyakazi wa mkahawa ndiye anayepigwa.

SALIM: Yaani ameigiza vizuri, mwingine akaumia.

NEEMA: Na uso wake unaonyesha kwamba anajua. Hiyo ndiyo hali ya Mwas kadiri anavyozama kwenye wizi.

SALIM: Lakini nitakosa Sheng. Kile Kiswahili kilichochanganyika na Kikuyu na Kiingereza, watu wanavyokatishana maneno. Huko New York sitakipata.

NEEMA: Hutakipata, na ujue hivyo kabla hujabonyeza kitufe. Filamu moja mara chache inabeba vyote ulivyovipenda. Kwa hiyo kwenye orodha yako weka alama kwenye kile kimoja ambacho kikikosekana utazima. Kwako ni mtu anayeigiza ili aishi. Lugha utaitafuta kwenye filamu nyingine, siku nyingine.

SALIM: Na nitajuaje mapema kama inanifaa? Trela zinanidanganya.

NEEMA: Trela inauza mada, milio ya risasi na nyuso maarufu. Mpe mwongozaji dakika 20 za mwanzo. Usiulize kama kuna tukio, uliza macho ya nani unayatumia na mhusika anaogopa nini. Kwa Donnie Brasco, mapema tu utamwona Lefty anamkubali mtu asiyemjua. Moyo ukishtuka hapo, endelea.

SALIM: Na msikilizaji aliyependa Nairobi Half Life kwa sababu nyingine?

NEEMA: Huyo asichukue jibu lako. Kama alipenda jiji lenyewe, kelele, usiku, pesa inayopita mikononi haraka, basi aende Kinshasa na Viva Riva! ya Djo Munga, ya mwaka 2010, ambako mwizi anarudi mjini na petroli ya magendo wakati mafuta hayapatikani. Na aliyependa kipaji kinachopambana na umaskini, Gully Boy ya Zoya Akhtar, ya mwaka 2019. Murad, kijana wa Dharavi, mtaa wa mabanda jijini Mumbai, anatunga rap kwa siri, na rafiki yake anamvuta kwenye wizi wa magari.

SALIM: Magari tena! Hiyo ndiyo ingekuwa ya kwanza kupendekezwa kwangu.

NEEMA: Ndiyo, na ungefurahi kiasi. Lakini pale jukwaa ni mahali pa kuwa mkweli. Murad akishika kipaza sauti, anaacha kujificha. Mwas akipanda jukwaani, bado amebeba maiti asizoweza kuzitaja.

SALIM: Naanza na Lefty, leo usiku.