Ritifaa ya Ng'ambo na meseji ya sikukuu

Assalaam aleikum, ndugu zangu wauza vocha. Leo nitazungumzia alama moja tu ya maandishi, ritifaa, kile kialama kinachokaa katikati ya jina Ng'ambo. Sikukuu moja alama hiyo ilimla mwenzetu maelfu ya shilingi, na hadi Idd inakwisha hakujua zimekwenda wapi.

Mwenzetu huyu ana duka huku Ng'ambo, mjini Unguja, na daftari lake lina namba za wateja 800 walioridhia kuandikiwa. Kuelekea Idd aliandika hivi:

```
Assalaam aleikum mteja wetu. Duka lako la vocha Ng’ambo linakutakia Idd njema wewe na familia. Nunua vocha ya 5,000 upewe 200 juu, siku zote za Idd. 07xxxxxxxx
```

Alihesabu herufi pamoja na nafasi, akapata 159. Kikomo ni 160, kwa hiyo akaona imeingia. Tuchukue bei ya shilingi 20 kwa meseji moja, kwa ajili ya hesabu tu: watu 800 ni shilingi 16,000. Salio lake likakatwa 48,000.

Sababu ni hii. Meseji ni kama bahasha yenye nafasi ya baiti 140, yaani biti 1,120. Herufi za kawaida, tarakimu na alama zilizozoeleka huchukua biti 7 kila moja, ndiyo maana zinaingia 160. Ukitia alama moja tu isiyokuwamo katika orodha hiyo, meseji nzima hubadilishiwa mtindo, na kila herufi inachukua biti 16. Hapo bahasha inabeba herufi 70 tu. Ikizidi, hukatwa vipande, na kila kipande hupoteza nafasi kidogo kwa namba za kuviunganisha, kinabaki na herufi 67. Sasa gawa 159 kwa 67: vipande vitatu. Kila mteja alilipiwa mara tatu.

Alama yenyewe ni ritifaa. Ile iliyonyooka imo kwenye orodha. Ile iliyopinda kama mkia wa koma haimo. Yeye aliandika kwenye kompyuta, na programu ya kuandikia ikaipinda yenyewe ili ipendeze, kisha akanakili akabandika. Baadhi ya simu nazo hufanya hivyo hivyo. Kwetu jambo hili ni zito kuliko kwa wengine, maana Kiswahili hakiwezi kuandika Ng'ambo, ng'ombe wala kung'ara bila ya alama hiyo. Mchoro wa mwezi mwandamo na salamu kwa herufi za Kiarabu huleta gharama ile ile, lakini hizo angalau mtu anaziona.

Mteja hawezi kukwambia, kwa sababu simu yake huunganisha vile vipande na kumwonyesha meseji moja. Utajua kwa kihesabuji cha pale unapoandikia: kikomo kikishuka ghafla kutoka 160 hadi 70, tafuta ritifaa kwanza. Ifute, uiandike upya pale pale, bila kubandika. Kisha jitumie mwenyewe moja, utazame salio kabla na baada.

Kuna kosa la pili mle ndani, na kwangu mimi ni kubwa zaidi. "Siku zote za Idd" ni siku ngapi? Sisi Unguja tunasherehekea Idd mosi hadi Idd nne, lakini mapumziko ya serikali ya Idd el-Fitri ni siku mbili. Mteja akija siku ya tatu na mtoto wake kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja, akaambiwa ofa imekwisha, ataona amedanganywa, na ana haki. Hata kuandika "Idd mosi" hakutoshi, kwani wapo wanaofuata mwezi ulioonekana nchi nyengine, wakasali siku moja kabla. Taja siku ya juma. Mimi ningeandika hivi:

```
Idd Mubarak! Vocha ya 5,000 upewe 200 juu. Ijumaa hadi Jumatatu saa 4 usiku. Duka la vocha Ng'ambo, 07xxxxxxxx
```

Hizi ni herufi 110. Salamu imebaki, kwa sababu siku ya Idd hatuanzi na bei. Namba ya simu pia imebaki: meseji ikitoka kwa jina la duka badala ya namba, mteja hawezi kuijibu.

Ila siku ya juma inategemea mwezi. Basi jioni ya kungoja mwezi weka tayari meseji mbili, hiyo na nyengine ya "Jumamosi hadi Jumanne", yenye herufi 111. Zote ziwe zimeshahesabiwa na kujaribiwa. Tangazo la Ofisi ya Mufti likitoka, unatuma moja na kuifuta ya pili.