Kupanga mashimo ya keekee mlimani: kugawa shamba la Pemba kwa udongo wake

Assalaam aleikum watazamaji. Leo tuko Pemba, kwenye shamba la eka 10 linaloanzia juu kilimani chini ya mikarafuu na kuishia kwenye bonde la mpunga. Mwenye shamba anataka kupanda mikarafuu mipya na anatuuliza ni wapi itakapokaa vizuri. Ili tumjibu tunahitaji ramani ya udongo, na hapa nitawaonesha namna ya kupanga mashimo kabla keekee, chuma chetu cha kutobolea udongo, haijagusa ardhi.

Kwanza tazameni mlima wenyewe. Udongo wa mteremko umefungamana: maji yanayonyesha juu hushuka, yanabeba mchanga na udongo laini, yanautua chini, na bondeni yanakaa. Mwaka 1935 mtaalamu Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha Amani kule Tanganyika, aliuita mfuatano huu katena, yaani mnyororo. Basi mstari wa mashimo ukate mnyororo huo kutoka juu hadi chini, moja kwa moja kama maji yanavyoteremka. Ukiupitisha mstari kando ya mlima, utachimba kutwa nzima ndani ya udongo ule ule.

Sasa idadi ya mashimo. Tutachora ramani kwa skeli ya 1:5,000, ambapo sentimita moja ya karatasi ni mita 50 za ardhi. Eka 10 ni kama hekta 4, na kwenye karatasi zinachukua sentimita za mraba 16. Mimi hukadiria shimo moja kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo tuna mashimo 16. Ikiwa shamba lako ni lile la eka tatu, utapata mashimo matano tu kwa skeli hii, hayakutoshi. Chora kwa 1:2,500, au bora zaidi ungana na jirani wa juu na wa chini, maana mlima haujui mpaka wenu.

Haya ndiyo ninayotaka myashike: msiyatumie yote 16 siku ya kwanza. Kumi tunayaweka kwenye mistari miwili, matano kila mstari. Manne ni ya kutafutia mipaka. Mawili ya mwisho ni ya kuijaribu ramani.

Shamba hili lina urefu wa mita 250 kutoka juu hadi chini na upana wa mita 160. Mstari A uko mita 40 kutoka ukingo mmoja, mstari B mita 40 kutoka ukingo wa pili. Mashimo hatuyapangi kwa umbali sawa. Miaka ya nyuma nilifanya hivyo, shimo kila mita 50, na nikauruka mkanda wa mchanga uliokuwa na upana wa mita 25 tu pale chini ya mteremko. Kwenye ramani yangu mahali pale palikuwa pazuri. Miche ya mikarafuu iliyopandwa pale ilifia kwenye maji masika iliyofuata. Tangu hapo napanga kwa sura ya ardhi: shimo la kileleni, la begani ambapo mlima unaanza kuinama, la katikati ya mteremko, la mguuni ambapo mteremko unalegea, na la bondeni. Tembea kwanza mstari wote bila keekee, na kila unapohisi mwendo wa miguu umebadilika, chomeka kijiti.

Kabla ya kuendelea, muulize mwenye shamba. Mzee wetu alituambia: "Hapo chini mchanga wa juu unakudanganya wanangu, ukichimba unakuta kinamo." Kinamo ni udongo mzito unaonata, na kauli hiyo ilituhamishia kijiti kimoja. Vijiti pia visikae kwenye kichuguu, tanuri la makaa la zamani, kiwanja cha nyumba iliyobomoka wala kando ya njia. Udongo wa hapo si wa mlima tena.

Wakati mzuri ni mara tu baada ya masika kumalizika. Katikati ya mvua bonde limejaa maji, na kiangazi kikikaza kinamo kinakuwa kama tofali.

Tunachimba hadi sentimita 120. Funga utepe kwenye fimbo ya keekee kila sentimita 20 usije ukakisia kina. Keekee ikipanda, ondoa udongo wa juu kabisa kichwani mwake, huo umeporomoka kutoka ukutani mwa shimo. Unaobaki ulaze juu ya gunia kwa mfuatano, wa juu ukianza kushoto. Angalieni hapa karibu: hii ndiyo A4, ya mguuni. Sentimita 45 za kwanza ni mchanga wa kahawia, ukiulowesha na kuufinya haushikani. Halafu ghafla kuna udongo wa kijivu unaonata vidoleni, na ndani yake haya mabaka ya rangi ya kutu. Mabaka hayo yanasema maji hupanda na kushuka hapa kila mwaka, hata leo shimo likiwa kavu. Ndiyo maana tunayaamini kuliko maji tunayoyaona.

Mstari A ulitupa hivi. A1 kileleni, mita 20 kutoka ukingo wa juu: udongo mwekundu wa kichanga mpaka chini, hakuna baka. A2, mita 75: ni ule ule, ila tabaka la juu limebaki sentimita 10 kwa mmomonyoko. A3, mita 140: manjano, mabaka yanaanza sentimita 90. A4, mita 200: mmeiona. A5, mita 235: kinamo, na maji sentimita 40.

Mkarafuu hauvumilii mizizi kukaa majini, kwa hiyo mpaka unaotuhusu ni wa A3 na A4. Tuliweka kipimo: mabaka yakianza kabla ya sentimita 60, hicho ni kizio kingine, yaani kipande kingine cha ramani chenye udongo wake. Tukagawa nafasi nusu kwa nusu. Mita 170, mabaka sentimita 80, bado ni kizio cha juu. Mita 185, mabaka sentimita 50, tumeshavuka. Mpaka tunauweka mita 178, na kosa halizidi mita 8, ambayo kwenye karatasi ni kama milimita moja na nusu. Kuendelea kuchimba ni kupoteza nguvu, kwani simu tunayopimia mahali pa shimo, chini ya mikarafuu yenyewe inakosea mita tano au zaidi.

Mstari B ulitupa mpaka kwenye mita 160, kwa sababu bonde linajipinda upande ule. Msiunganishe 178 na 160 kwa rula. Fuateni ule mguu wa mteremko kwa macho, uchoreni mkiwa mmesimama pale pale. Mpaka wa bondeni hatukuuchimbia, unaonekana kwa tuta la mpunga. Ule wa A2 na A3 tuliuchora kwa vidoti, maana wekundu unageuka manjano polepole na hakuna mahali pa kusema ni hapa.

Mashimo mawili yaliyobaki tuliyachimba katikati ya mistari miwili, moja kwenye kizio cha manjano na moja kwenye mkanda wa mchanga, na kabla ya kuchimba tuliandika tunachotarajia. La kwanza lilikubali. La pili lilitoa mabaka sentimita 70, maana yake mkanda pale ni mwembamba kuliko tulivyochora, tukausogeza mpaka wake wa juu mita 10 kuelekea chini. Miche ya mzee sasa inaishia juu ya mstari huo.